Dozi Isiyomalizika

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu imekuwa kuuza dawa. Mambo hayo mawili hayakai vizuri pamoja. Mteja anakuja na nusu ya vidonge alivyobakiza nyumbani, ananiambia alipopata nafuu aliacha, sasa homa imerudi. Basi namsema mpaka wenzake waliosimama nyuma yake wanaanza kuangalia viatu vyao. "Maliza dozi" ni maneno niliyoyatamka pengine mara nyingi kuliko majina ya wanangu. Kwenye kila bahasha naandika idadi ya vidonge, mara za kumeza, na chini yake maneno hayo, mkono ukienda wenyewe huku mimi naongea na mtu mwingine.

Duka ninalofanyia kazi liko Morogoro mjini. Mama yangu wakati huo alikuwa anaishi Kinole, juu milimani, pamoja na mdogo wake wa kike, ambaye mimi namwita mama mdogo. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na mama ndiye aliyekuwa mkubwa katika tumbo lao. Mashamba yote ya ukoo yalikuwa kichwani mwake: nani alimpa nani, lini, na mpaka unapita juu ya jiwe gani. Karatasi hakuna. Msemaji wa ukoo ni mjomba, mdogo wao wa kiume, mwenye sauti ya kutosha kwa msikiti mzima, lakini hata yeye akibanwa kwenye jambo la mpaka alikuwa anasema, "Ngojeni kwanza tumuulize dada."

Ugonjwa ulianzia puani, au angalau hapo ndipo nilipouona. Mama alikuwa mtu wa viungo. Alikuwa ananusa gome la mdalasini na kukwambia lilivunwa mapema au limekaa sana kwenye unyevu. Siku moja nilimkuta amekaa jikoni pembeni ya chungu cha maharage yaliyoungua mpaka moshi umejaa, naye anachambua mchele kwa utulivu kabisa. Nilimgombeza. Sikujua kwamba wagonjwa wengi wa namna hii hupoteza harufu mapema, nami ndiye ninayejifanya mjuzi wa dawa. Baadaye yakaja maswali ya kurudiarudia, na siku aliyokwenda mtoni, njia aliyoipita tangu utotoni, akarudishwa na watu.

Nikamleta mjini hospitali. Daktari hakufanya haraka, namshukuru kwa hilo. Alipima damu kutafuta mambo yanayoweza kutibika, akapiga picha ya kichwa, akapima moyo. Hakumpa kalamu achore kitu, maana mama hakusoma. Alimpa maneno ya kukumbuka, akamtaka ataje wanyama, kisha akaniuliza mimi maswali mengi: bado anapika mwenyewe? Anajua kubadilisha nguo? Mwisho akamwomba mama apumzike nje kwenye benchi, akanieleza mimi. Alzeima. Alitaja dawa, donepezili, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayetajiwa jirani yake, ingawa dukani kwetu haikuwahi kuwepo hata siku moja. Ilibidi iagizwe Dar.

"Nitakuambia kama mwenzangu wa kazi," alisema. "Hii haitibu. Kwa wengi tofauti ni ndogo, hata watu wa nyumbani wanaweza wasiione. Wachache wanapata unafuu unaoonekana kwa miezi kadhaa, pengine mwaka. Wengine hawapati kitu isipokuwa kichefuchefu. Na kwa wote, ugonjwa unaendelea na mwendo wake hata dawa ikiwa inamezwa."

Nilimwelewa vizuri sana. Katika ubongo kuna kemikali inayobeba habari kutoka chembe moja kwenda nyingine, na kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja. Ugonjwa unaua chembe zinazoitengeneza kemikali hiyo. Dawa inakizuia kimeng'enya, ili kidogo kilichopo kidumu zaidi. Ni kama kuziba mtaro ili maji machache yakae shambani, huku chemchemi yenyewe inaendelea kukauka. Haya yote niliyajua. Lakini aliposema "wachache wanapata unafuu", mimi nilikwisha kumhesabu mama katika hao wachache kabla hajafunga mdomo.

Kinole walikuwa wananisubiri. Mjomba alikaa kwenye kiti cha uani, mama mdogo mlangoni. Niliwasalimia, nikakaa, nikasema, "Dawa ipo. Itamsaidia." Hapo nikaishia. Yale mengine ya daktari niliyaacha mjini. Nilijiambia sitaki kuwavunja moyo, na sikuwa nasema kweli, kwa sababu moyo niliokuwa naulinda ulikuwa wangu. Nikampa mama mdogo bahasha ya vidonge vya mwezi mmoja, kila siku kimoja. Mpango ulikuwa mwezi ukiisha nimrudishe mama kwa daktari, wamuangalie, na akiwa anaistahimili waongeze kutoka miligramu tano kwenda kumi.

Wiki ya kwanza mama aliharisha na chakula kikamshinda. Wiki ya pili mama mdogo alinipigia kwamba dada yake anapiga kelele usingizini, anaota watu wamejaa chumbani. Nikamuuliza anampa dawa saa ngapi. Akaniambia anampa akishapanda kitandani. Nikamwambia ampe asubuhi. Ndoto zikapungua. Na hapo, katika wiki ya tatu, nilipokwenda kumtazama, mama aliniuliza kama bado nina yule bosi mkorofi. Sentensi nzima, na bosi kweli ni mkorofi. Nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya nyumba, mtu mzima mimi, kuku wananiangalia. Ilikuwa ni dawa? Ilikuwa ni siku nzuri tu, kama zile alizokuwa nazo hata kabla ya dawa? Hakuna mtu anayeweza kunijibu.

Kisha mvua ikaja vibaya. Mlima ulimomonyoka, barabara ya kupanda Kinole ikafunikwa udongo, na simu zikawa zinashika siku moja na kupotea nne. Nilikaa mjini wiki zaidi ya sita. Kila nilipompata mama mdogo hewani aliniambia dada hajambo, kisha sauti inakatika. Vidonge vya mwezi wa pili vilikuwa kwenye droo yangu.

Njia ilipofunguka nilipanda bodaboda, nikafika nimelowa matope mpaka kiunoni. Kabla sijafika nyumbani, jirani yetu alinisimamisha. Huyu ni bibi mjane wa ukoo mwingine, rafiki wa mama tangu wote wawili hawajaolewa. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na njia." Akanishika mkono, hakuuachia. "Mama yako amenitoa kwenye midalasini yangu."

Sikumwelewa. Akanipeleka. Mporomoko ule ulikuwa umebeba mti mkubwa uliokuwa alama ya mpaka kati ya shamba letu na lake. Mjomba akaona neno lisikae, akakusanya watu wa pande zote mbili, akamleta mama aonyeshe mpaka ulipokuwa. Na mama alionyesha. Hakusita, hakuuliza. Alitembea na fimbo yake, akasema huku ni huku, kule ni kule, na vigingi vipya vikapigwa chini palepale aliponyoosha mkono. Midalasini sita, aliyoipanda yule bibi na marehemu mume wake, ikawa upande wetu.

"Nikasema labda nimesahau mimi," bibi yule alisema. "Mama yako hajawahi kusema uongo. Na kaka yake alisema dada amepona."

Nilifika nyumbani nikiwa nimechemka. Mama alikuwa anamenya machungwa barazani, akanitazama kwa adabu ya mtu anayetazama mgeni, akanikaribisha. Mjomba akatoka ndani. Hata salamu yangu sikumbuki kama ilikuwa salamu.

"Mjomba, nani amekuambia mama amepona?"

"Wewe."

"Mimi?"

Akaingia ndani, akarudi na bahasha. Ilikuwa tupu, imekunjwa vizuri, imewekwa pamoja na kadi za kliniki. Mwandiko wangu: kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Chini yake, mkono wangu ukiwa umekwenda wenyewe kama kawaida: *Maliza dozi.*

"Amemaliza," mjomba alisema. "Hakuacha hata kimoja, muulize mama yako mdogo. Wewe si ndiye unayetufokea kila mwaka, dozi, dozi? Tulisubiri kabisa kiishe cha mwisho, ndipo nikawaita watu."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, amejikunyata, anasubiri nimgombeze. Maskini, alikuwa amefanya kazi nzuri kuliko wateja wangu wote. Mtu ambaye maisha yake yote dawa ni ya malaria, ya kifua, ya kidonda, anajua kwamba vidonge vina mwisho, na mwisho wake ni kupona. Nani alimwambia kuna dawa ya kumeza mpaka siku ya kufa, na isikuponye? Aliyepaswa kumwambia ni mimi. Aibu niliyoisikia pale barazani sijawahi kuisikia mahali pengine.

Nikamshusha mama mjini, akakaa kwangu. Mwezi mzima na zaidi alikuwa hajameza kidonge, na alikuwa ameshuka: vifungo vya blauzi vilimshinda, na alikuwa anatafuta neno "kijiko" kwa mkono hewani. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu dawa ilikatika. Akasema huenda ikawa hivyo, na huenda ikawa ni ugonjwa wenyewe na mwendo wake; dawa ikikatwa wapo wanaoshuka, na kilichopotea mara nyingine hakirudi chote hata ikianzwa tena. Hatukuweza kupanda moja kwa moja kwenda kumi; tulianza upya na miligramu tano. Baadaye tukapanda kumi, tukipima mapigo ya moyo, kwa sababu dawa hii inaweza kuyapunguza mpaka mtu aanguke.

Nikamuuliza pia kuhusu mpaka. Inawezekanaje mtu asiyejua kijiko kinaitwaje aonyeshe mpaka kwa uhakika namna ile? Daktari akasema ubongo ukikuta pengo unaweza kulijaza wenyewe, na mwenye nalo hajui kwamba amelijaza. Mama hakudanganya. Aliamini kila hatua aliyoipiga.

Ugonjwa ulipofika hatua ya kati daktari akaongeza dawa ya pili, memantini. Hii inafanya kazi kwa njia nyingine. Inatuliza kemikali nyingine ya ubongo isizichokoze chembe kupita kiasi. Tukapanda nayo polepole, tukiongeza miligramu tano kila wiki mpaka ishirini. Niliuliza itamsaidia kiasi gani. "Kidogo," alisema, bila kuona haya. Nilianza kumpenda mtu huyu. Mama alipata kizunguzungu siku chache, akafunga choo, yakapita. Kuhusu unafuu, niseme nini? Alikuwa anakaa mezani akifuata mazungumzo mpaka mwisho. Alivaa mwenyewe nikimpangia nguo moja baada ya nyingine. Haikuwa kubwa. Jirani yangu wa mjini hakuona chochote, na mimi niliyekuwa naangalia kila siku sikuwa shahidi wa kuaminika.

Lakini vigingi vilikuwa bado vimepigwa kwenye shamba la yule bibi. Mjomba alikataa kuving'oa kwa maneno yangu ya kwenye simu. Alisema neno la dada lilisemwa mbele ya watu, na likifutwa lifutwe mbele ya watu. Katika hilo alikuwa na haki. Tena alinionya: "Utakuja kumwita mama yako mwehu mbele ya ukoo wake?" Bibi naye alikuwa hajaingia kwenye midalasini yake tangu siku ile, na msimu wa kubandua magome ulikuwa umefika. Nililala na jambo hilo wiki nyingi. Nikinyamaza, mama atabaki mkubwa wa ukoo, na rafiki yake atapoteza miti aliyoipanda na mumewe. Nikisema, mama hataulizwa tena neno lolote na mtu yeyote.

Tulipanda Ijumaa moja baada ya swala. Watu walikaa kwenye mikeka uani, wetu upande huu na wa bibi upande ule. Mama alikaa kwenye kiti, amejifunga khanga zake nzuri, na kila aliyekuja alimwamkia. Alipokea zote, "Marahaba, marahaba," kwa sauti yake ileile. Ungemtazama ungesema mjomba yuko sahihi.

Nilisimama. Nikasema kwamba siku ya kwanza nilipoleta dawa niliwaambia itamsaidia, na sikuwaambia kiasi gani. Nikawaambia sasa. Nikasema dawa hizi hazirudishi kilichokwenda. Zinashikashika kilichobaki, kidogo, kwa muda, na hata hilo si kwa kila mtu. Nikasema dozi yake haina mwisho, na kwamba maneno yale kwenye bahasha niliyaandika mimi, kwa mazoea, na lilikuwa kosa langu wala si la mama mdogo. Nikasema mama ana ugonjwa wa ubongo, utaendelea mpaka mwisho, na mpaka alioonyesha hauwezi kutegemewa. Mzee mmoja akaguna. Mjomba akainamisha kichwa.

Ndipo mama akasema, "Nilionyesha wapi?"

Mjomba akamjibu kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Ng'ambo ya midalasini, dada."

Mama akamgeukia rafiki yake, akamtazama kwa muda mrefu. "Midalasini si yako wewe na mume wako?"

"Ni yetu," bibi alisema.

"Basi mimi sijui mpaka. Nilikuwa najua." Akageukia watu. "Kaulizeni wengine."

Vigingi viling'olewa jioni ileile, jua halijazama, na wazee wa pande mbili wakakubaliana wapime kutoka kwenye mashina yaliyobaki. Watu walinipa mkono. Mmoja aliniambia dawa zako kumbe zinafanya kazi, umeona alivyojibu. Nilitaka kumkatalia na nikataka kumkubalia. Yale maneno matano au sita ya kweli, je, yalitoka kwenye vidonge? Laiti ningejua. Kama ndivyo, basi kilichonunuliwa na miezi yote ile ni mama kuweza kusema kwamba hajui, siku ambayo mtu mwingine alihitaji kulisikia hilo.

Watu walipoondoka nilibaki naye barazani. Nilikuwa nimejaa fahari, nasubiri labda anishike kichwa. Alikuwa anakunja pindo la khanga, analikunjua, analikunja.

"Kwa hiyo sitapona," alisema.

"Hapana, mama."

"Ulijua toka lini?"

"Toka siku ile ya kwanza hospitali."

Akaacha kukunja. "Umewaambia watu wote," alisema, "kabla ya kuniambia mimi."

Hakupandisha sauti. Alinyanyuka, akaingia ndani kwa mdogo wake, akanifungia mlango.

Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimezungumza na daktari, na mjomba, na mama mdogo, na ukoo mzima, na jirani zake. Nilikuwa nimempa yeye kidonge kila asubuhi na maji, nikimwambia, "Dawa, mama," kama unavyomwambia mtoto. Nilimwacha kwenye benchi siku ile na sikwenda kumchukua.

Asubuhi nilimkuta jikoni, mchangamfu, ananiuliza nimefika saa ngapi. Hakukumbuka mkutano, wala midalasini, wala mimi kumkosea. Hasira yake ilikuwa imekwenda na kila kitu kingine. Nilikuwa nimesamehewa na ugonjwa, na ningeweza kunyamaza. Nilisimama na vidonge mkononi, kile cha kwanza na kile cha pili, na mama mdogo akanitazama akatikisa kichwa taratibu, maana yake mwache.

Nikamwomba mama mdogo atupishe. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, magoti yangu yakigusa yake, nikamwambia yote tangu mwanzo, yeye peke yake: jina la ugonjwa, kwamba hautapona, kwamba dawa hizi zinasaidia kidogo tu na kuna siku hazitasaidia hata hicho kidogo, na siku hiyo tutaziacha. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza watu wa mipaka, kichwa ameinamisha upande mmoja. Alilia kidogo, nami nikalia.

Kisha akafuta uso, akauliza, "Na ndugu zangu wanajua?"

Nikamwambia, "Umejua wewe kwanza."